Aliyeandikiwa Ndiye Mwenye Lugha

Mwezi Agosti uliopita nilikuwa njiani kuwakagua wanafunzi wetu walio katika mafunzo kwa vitendo, yale ambayo wao wenyewe huyaita fildi. Katika halmashauri moja ya wilaya nilipokewa na mkuu wa idara, mama wa makamo mwenye sauti ya upole. Tulisalimiana, akanikaribisha kiti, kisha akaigeuza kompyuta yake inielekee. "Mwalimu," akasema, "hebu soma hapa. Huyu binti wako ananiagiza."

Barua pepe ile ilikuwa fupi. Niliinakili katika daftari langu kama ilivyokuwa:

"Habari,
Tafadhali nijibu barua pepe yangu ya tarehe 6. Nahitaji majalada ya vikundi vyote kabla ya Ijumaa ili nimalize ripoti yangu. Nasubiri majibu yako. Asante kwa ushirikiano wako."

Baadaye nilimwita mwanafunzi mwenyewe, tukakaa chini ya mwembe uliokuwa nje ya ofisi. Alikuwa ameshajua kwamba mama amekasirika, lakini hakujua sababu. "Mwalimu, nimekosea nini?" akaniuliza, machozi yakimlengalenga. "Nimeandika tafadhali. Nimeandika asante. Sikumtukana mtu."

Nimelifikiria tukio hilo kwa muda mrefu, na kadiri ninavyolifikiria ndivyo ninavyozidi kuona kwamba wote wawili walikuwa na haki. Mkosaji alikuwa mtu wa tatu, naye ni sisi tuliomtuma binti yule ofisini. Ruhusa yenu, wasomaji wangu, nieleze kwa nini nasema hivyo.

Kisa kilianza na barua ya kwanza, ile ya tarehe 6. Mwanafunzi aliiandika kwa Kiingereza, ukurasa mzima, na haikujibiwa kwa siku tisa. Nilipomuuliza kwa nini alichagua Kiingereza, alinijibu kwamba aliona ni jambo la kiofisi. Jibu hilo linaeleweka. Kwa miaka mitatu chuoni kila kilicho rasmi alikipokea kwa Kiingereza: mihadhara, mitihani, matangazo ya ubaoni, hata barua ya kumtambulisha katika halmashauri ile. Akilini mwake Kiswahili ni lugha ya bwenini na sokoni, na Kiingereza ni lugha ya mtu aliyevaa suti.

Ofisi aliyotumwa inaishi kinyume na hivyo. Mwezi Januari 1967, Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, aliagiza kwamba shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili, na mwaka huohuo likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Tangu hapo halmashauri zetu zimejijengea Kiswahili chao cha kazi, chenye taratibu zake na adabu yake. Kuna dokezo, ambalo afisa humwandikia mkubwa wake ndani ya jalada ili apate uamuzi. Kuna dokezo sabili, linalotembea nje ya jalada kutoka meza hadi meza. Kuna muhtasari wa kikao, kuna barua kwa watendaji wa kata, kuna masijala inayotunza yote hayo kwa namba.

Mkuu wa idara yule anakijua Kiingereza vizuri, na barua ya kwanza aliisoma. Nilipomuuliza kwa nini hakuijibu, alinieleza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Majalada yaliyoombwa yako chini ya mratibu wa mikopo. Ili mratibu ayatoe, ilimpasa mama aandike dokezo kwenda kwake, na dokezo huandikwa kwa Kiswahili. Laiti barua ingekuwa ya Kiswahili, angeiweka jaladani ilivyo, angeandika pembeni "Tafadhali mpatie," angetia saini, na kazi ingekwisha. Kwa kuwa ilikuwa ya Kiingereza, ilihitaji kwanza kufasiriwa na kufupishwa. Akaiweka kando mpaka apate nafasi, na nafasi haikupatikana.

Hapo ndipo ninapopata kanuni ambayo sasa huwapa wanafunzi wangu. Kabla ya kuchagua lugha, usijiulize ni ipi unayoiweza zaidi, wala ni ipi itakayokuonyesha umesoma. Jiulize karatasi hii itakwenda wapi baada ya msomaji wa kwanza. Barua ya ofisini haikai alikoitupa mwandishi, kwani husafiri. Kama mtu wa pili na wa tatu katika safari hiyo wanafanya kazi kwa Kiswahili, lugha ni Kiswahili, hata kama msomaji wa kwanza ana shahada ya uzamivu kutoka Uingereza. Kama itaishia mezani kwa mfadhili wa nje, au itaambatishwa kwenye mkataba ulioandikwa kwa Kiingereza, basi lugha ni Kiingereza, hata kama wewe na msimamizi wako mnazungumza Kiswahili kutwa nzima.

Njia ya kuijua safari hiyo ni nyepesi. Mwombe msimamizi wako uone jalada la jambo husika, utazame folio tatu za mwisho: zimeandikwa kwa lugha gani, zinaanzaje, zinamalizikaje, na zilipitia kwa nani. Katika ofisi zisizo na majalada ya karatasi, soma barua pepe tatu za mwisho zilizotumwa juu ya jambo hilohilo. Utagundua pia kwamba hata ndani ya jengo moja mpaka wa lugha haupiti mlangoni. Dokezo la idara huwa la Kiswahili, na taarifa ya mradi wenye fedha za nje huwa ya Kiingereza, ingawa zote mbili zimeandikwa na afisa mmoja katika asubuhi moja.

Turudi sasa kwenye barua ya pili, ile iliyomuudhi mama. Safari hii lugha ilikuwa sahihi. Kilichokosewa ni sauti. Mwanafunzi alitunga barua kwa Kiingereza kichwani, kisha akaibadilisha maneno moja baada ya jingine. Kwa Kiingereza sentensi zake zingepita kama za mtu mwenye shughuli nyingi lakini mwenye adabu. Kwa Kiswahili ziligeuka kuwa maelekezo.

Tuanze na neno "tafadhali". Tumefundishwa kwamba ni sawa na "please" ya Kiingereza, na kamusi hazitusaidii kuona tofauti. Lakini tazama "tafadhali" inakoishi katika nchi yetu: tafadhali usiegeshe gari hapa, tafadhali vua viatu, tafadhali zima simu. Ni neno linalotangulia amri ili kuilainisha, na amri iliyolainishwa bado ni amri. Ndiyo maana lilimfaa mama alipotaka kumwandikia mratibu aliye chini yake, na halikumfaa binti alipomwandikia mama. Heshima ya Kiswahili haibebwi na neno moja la kuchomeka mbele ya kitenzi. Hubebwa na kitenzi chenyewe: naomba kupatiwa, naomba unisaidie, nitashukuru endapo nitaruhusiwa.

Wanafunzi wengi huliogopa neno "naomba". Huhisi kwamba linawafanya waonekane ombaomba, kwa sababu kwa Kiingereza kuomba kwa namna hiyo ni kujishusha. Katika Kiswahili sivyo. Mteja mwenye noti yake mkononi humwambia muuza duka, "Naomba sukari kilo moja," na hakuna anayedhani kwamba anaomba sadaka. "Naomba" humwachia mwingine nafasi ya kutoa kwa hiari kile ambacho pengine ni wajibu wake kukitoa.

Neno "nahitaji", kwa upande mwingine, linamfunga msomaji, kwani haja ya mwandishi inageuzwa kuwa deni la mwingine. Agizo la "kabla ya Ijumaa" halikufafanuliwa, hivyo likasomeka kama tarehe ambayo mwanafunzi amempangia mkuu wa idara. Na ile "asante kwa ushirikiano wako" hukaa mwishoni mwa barua za mkubwa anapomaliza kutoa maelekezo, kwa sababu humshukuru mtu kwa jambo ambalo bado hajakubali kulifanya. Ukiweka hayo yote pamoja na "Habari" tupu isiyotaja cheo wala jina, utaelewa kwa nini mama alisema kwamba anaagizwa.

Tulipokuwa chini ya mwembe, niliiandika upya barua ile pamoja naye. Ikatoka hivi:

"Mkuu wa Idara,
Kupitia kwa: Afisa Msimamizi wa Mafunzo

Yah: Ombi la kuona majalada ya vikundi 14 vya mikopo

Rejea barua pepe yangu ya tarehe 6 Agosti.

Naomba kuruhusiwa kuona majalada ya vikundi 14 vilivyokopeshwa katika kata niliyopangiwa, ili nikamilishe taarifa ya marejesho. Chuo kinataka taarifa hiyo ifike ifikapo tarehe 30 Agosti, hivyo nitashukuru endapo nitaweza kuyaona wiki hii. Nipo tayari kuyasoma hapohapo masijala bila kuyatoa.

Naomba kuwasilisha."

Angalia kwamba barua hii haijinyenyekezi. Haina "kwa heshima na taadhima", wala "naomba radhi kwa kuchukua muda wako wa thamani". Inataja idadi, inataja tarehe, na inaeleza nani aliyeiweka tarehe hiyo, ili isionekane ni matakwa ya mwandishi. Inampunguzia mkubwa wasiwasi wake halisi, yaani majalada kupotea. Inapita kwa msimamizi, kwa sababu mtu wa fildi hana meza yake na hapaswi kumruka aliyekabidhiwa. Nayo haina shikamoo. Shikamoo ni ya mdomoni, mama anapopita kwenye korido, na hapo haipaswi kukosa. Barua inakwenda jaladani, na jaladani kinachosalimiwa ni cheo.

Majalada alipewa kesho yake saa tatu asubuhi.

Nisieleweke vibaya: hatari hii ina pande mbili. Mwaka uliotangulia nilikuwa na mwanafunzi katika kampuni moja ya uwakala wa forodha jijini Dar es Salaam, ambako meneja alikuwa mgeni na barua pepe zote zilikuwa za Kiingereza. Kijana huyu alikuwa na adabu nyingi, na aliihamisha yote kutoka Kiswahili. Aliona kwamba hati moja ya mzigo ina kosa la uzito, akamwandikia meneja. Alianza kwa kumtakia afya njema yeye na familia, akaeleza furaha yake ya kuwa sehemu ya kampuni, kisha katika mstari wa mwisho kabisa akaomba kwamba, endapo itawezekana na akipata nafasi, meneja aitazame hati ile. Meneja aliona mistari miwili ya kwanza kwenye simu, akadhani ni barua ya shukrani, akaendelea na safari zake. Mzigo ulikaa bandarini siku nne zaidi, na kila siku gharama za kuhifadhi zikiongezeka.

Katika Kiingereza cha kazi, heshima ni kuuhifadhi muda wa msomaji. Jambo lenyewe hutajwa katika kichwa cha barua na katika sentensi ya kwanza, na tarehe hutamkwa waziwazi. Ile "ukipata nafasi" ambayo kwetu ni unyenyekevu, kwake yule meneja ilikuwa taarifa kwamba hakuna haraka. Vivyo hivyo, anayechukua fomula yetu ya "Husika na mada tajwa hapo juu" na kuifasiri neno kwa neno humpa msomaji wa Kiingereza amri ya ajabu ya kutazama juu ya ukurasa. Kila lugha hujenga adabu kwa matofali yake, na ukuta wa moja hauhamishwi kwenda kwenye nyingine. Unajengwa upya.

Hadi hapo nimezungumzia hisia za wakubwa, na msomaji anaweza kuniambia kwamba wakubwa wajifunze kutoudhika upesi. Huenda. Lakini katika halmashauri ileile lilikuwapo jambo zito zaidi, na lilihusu ripoti.

Kwa mujibu wa sheria, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwanafunzi wetu alipangiwa kukagua marejesho ya vikundi 14. Katika majalada ya vikundi vitano hakukuta stakabadhi za benki za miezi ya karibuni. Katika ripoti yake ya chuo, aliyoiandika kwa Kiingereza, aliviita vikundi hivyo kwa istilahi ya vitabu vya fedha yenye maana ya kutolipa deni. Mwalimu anayesahihisha angeipitisha bila kusita. Kisha ofisi ikamwomba nakala ya Kiswahili kwa ajili ya kikao cha kata, naye akaifasiri mwenyewe. Aliandika: "Imebainika kuwa vikundi vitano ni wadaiwa sugu."

Ndugu msomaji, unajua uzito wa maneno hayo. Wadaiwa sugu ni watu wanaotangazwa majina. Na "imebainika" ni kitenzi cha mkaguzi, kisichokuwa na mtendaji na kisichoacha nafasi ya swali, kama kwamba ukweli umejitokeza wenyewe. Kikao cha kata huhudhuriwa na watu wanaowajua wanawake wale kwa majina, na pengine na wanawake wenyewe. Kwa Kiingereza sentensi ile ilikuwa hesabu. Kwa Kiswahili ilikuwa hukumu, tena hukumu isiyo na ushahidi, kwa sababu kilichokosekana ni karatasi jaladani, na karatasi inaweza kukosekana kwa sababu fedha hazikulipwa, au kwa sababu stakabadhi imebaki mkobani mwa mweka hazina wa kikundi.

Msimamizi wake, kijana makini, aliizuia nakala ile kabla haijatoka. Waliirekebisha ikasomeka hivi: "Katika majalada niliyoyaona masijala hadi tarehe 19 Agosti, sikukuta stakabadhi za marejesho za vikundi vitano. Napendekeza viongozi wa vikundi hivyo waombwe kuleta stakabadhi walizonazo kabla ya hatua nyingine." Vikundi vitatu kati ya vitano vilileta stakabadhi zao ndani ya wiki moja. Viwili vilikuwa kweli vimechelewa, na vikapangiwa ratiba.

Sentensi ya pili ni ndefu kidogo na haina mlio wa kitaalamu. Lakini inasema nani aliona, aliona wapi, hadi lini, na nini hakukiona. Hicho ndicho anachokijua mtu wa fildi aliyekaa ofisini wiki tano, na hapaswi kuandika zaidi ya hicho kwa lugha yoyote. Kiingereza kilimficha ukali wa maneno yake, kwa kuwa wale aliowaandika hawakuwa miongoni mwa wasomaji wake. Kiswahili kilimrudisha mbele yao. Ndiyo maana huwaambia wanafunzi kwamba ripoti ya chuo na taarifa ya ofisi ni maandiko mawili, na la pili si tafsiri ya la kwanza. Tena, ikiwezekana, waanze na la Kiswahili. Sentensi ambayo huthubutu kuisoma mbele ya mtu unayemwandika, ichunguze upya kabla ya kuipeleka kwa profesa.

Sasa nirudi kwa mkosaji wa tatu. Katika vyuo vyetu somo la Stadi za Mawasiliano hufundishwa kwa Kiingereza, na mifano yake ni barua za Kiingereza. Mwanafunzi anaweza kuhitimu bila kuandika dokezo hata moja, katika nchi ambayo sehemu kubwa ya waajiriwa wa umma watayaandika madokezo maisha yao yote. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Mahakama imekwisha kuambiwa ifanye kazi kwa lugha ya mlalamikaji, ilhali sisi bado tunamtuma mwanafunzi ofisini na lugha ya ukumbi wa mihadhara. Kisha akikosea sauti, tunamkata alama za nidhamu.

Sipendekezi Kiingereza kiondolewe. Kijana wa forodha alikihitaji zaidi, na vizuri zaidi, kuliko tulivyompa. Ninachokidai ni kidogo na kinaweza kuanza mwaka huu: kabla ya fildi, kila mwanafunzi aandike ombi moja na taarifa moja ya kurasa mbili kwa kila lugha, kwa msomaji anayetajwa kwa cheo, na asahihishwe sauti kama anavyosahihishwa sarufi. Tena taarifa aliyoiandikia ofisi ipewe alama, badala ya kuhesabiwa kuwa kiambatisho cha ripoti ya chuo.

Fomu tunayowapelekea wasimamizi ili wamtathmini mwanafunzi nayo imeandikwa kwa Kiingereza, toka juu hadi chini. Mama yule aliijaza kwa kalamu ya wino wa bluu. Palipotakiwa maoni ya jumla, chini ya maelekezo ya Kiingereza, aliandika neno moja: "Anafundishika." Ofisi ya taaluma imenirudishia fomu hiyo, ikinitaka nifasiri neno hilo kwa ajili ya kumbukumbu. Nimejaribu mara tatu. Kila ninachokiandika kinamfanya binti yule aonekane mzito wa kuelewa, ilhali mama alikuwa anamsifu. Fomu bado iko mezani kwangu, na nadhani nitairudisha kama ilivyo.